Ukitaka Mashine Ikutafsirie Siri, Ivue Siri Kwanza

Majuma machache yaliyopita alikuja ofisini kwangu binti mmoja niliyemfundisha miaka ya nyuma. Siku hizi anajitolea kuwasaidia Watanzania wanaofanya kazi za ndani katika nchi za Ghuba. Aliingia, akanisalimu, “Shikamoo, Mwalimu,” kisha akaninyoshea simu yake. Kwenye kioo kulikuwa na aya moja ndefu ya Kiarabu. “Naomba uniangalizie kama iko sawa kabla sijaituma,” akasema. Kiarabu changu ni cha kubangaiza, lakini kilitosha kunionesha kwamba ndani ya aya ile mlikuwa na mambo mawili yasiyopaswa kuwamo. La kwanza ni namba kamili ya hati ya kusafiria ya mtu aliyekuwa amejificha. La pili ni kwamba aliyempiga mtu huyo alikuwa amegeuka kuwa mwanamume, ilhali mpigaji halisi alikuwa mwanamke.

Makosa haya mawili yana asili moja. Binti yule alipokea ujumbe wa Kiswahili, akaunakili wote kama ulivyo, akaubandika kwenye kitafsiri cha bure cha mtandaoni, akachukua kilichotoka. Simlaumu, kwa kuwa nami niliwahi kufanya vivyo hivyo kwa barua ya nidhamu ya mwanafunzi, jina lake na namba yake ya usajili vikiwamo, kwa sababu tu nilikuwa na haraka ya kikao. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba tunakosea tunapodhani usalama wa ujumbe na usahihi wa tafsiri ni mambo mawili yanayopingana. Ujumbe uliosafishwa vizuri kabla ya kubandikwa huwa salama zaidi, na kwa lugha yetu ya Kiswahili, mara nyingi hutafsirika vizuri zaidi. Kinachohitajika ni kujua nini cha kuondoa, nini cha kubadilisha, na nini kisiguswe kabisa.

Tuanze na safari ya maneno yenyewe. Unapobandika maandishi kwenye kitafsiri cha mtandaoni, tafsiri haifanyiki ndani ya simu yako. Maneno husafiri hadi kwenye kompyuta za kampuni, agalabu nje ya nchi, yakashughulikiwa huko, kisha jibu likarudi. Kinachoendelea kuhusu nakala iliyobaki huko hutegemea masharti ya huduma, na masharti ya huduma za bure mara nyingi huruhusu maandishi kuhifadhiwa na kutumiwa kuiboresha huduma. Mwaka 2017 shirika la utangazaji la Norwei, NRK, liliripoti kwamba maandishi ambayo wafanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Statoil, inayoitwa Equinor siku hizi, walikuwa wameyatafsiri kwa tovuti ya Translate.com yaliweza kupatikana na mtu yeyote kwa kutafuta kwenye Google. Miongoni mwake zilikuwamo barua za kuachishwa kazi na mikataba. Hakuna aliyevunja mlango wa kampuni ile. Wafanyakazi wenyewe waliyatoa maandishi nje kwa mikono yao, kwa nia njema ya kurahisisha kazi.

Hata hivyo, kwa mtu aliye katika hali ya yule mfanyakazi wa ndani, hatari iliyo karibu zaidi haiko kwenye kompyuta za mbali. Iko kwenye kifaa chenyewe. Programu nyingi za tafsiri hutunza historia ya kila ulichotafsiri, na atakayeishika simu ataisoma. Zaidi ya hapo, ukitumia Google Translate kupitia kivinjari, tazama mstari wa anwani ulio juu ya ukurasa. Utaona kitu kama hiki:

```
translate.google.com/?sl=sw&tl=ar&text=Mama%20mwenye%20nyumba%20alinipiga
```

Ujumbe wako umeandikwa ndani ya anwani ya ukurasa. Maana yake ni kwamba historia ya kivinjari haioneshi tu kwamba ulitembelea kitafsiri, bali inatunza na maneno uliyoyatafsiri. Ukifanya kazi hiyo kwenye kompyuta ya duka la intaneti au ya ofisi ya pamoja, atakayeketi baada yako ataweza kuyasoma. Na ukimtumia mwenzako kiungo cha ukurasa ukidhani unamtumia kitafsiri, umemtumia na siri yenyewe.

Sasa tuutazame ujumbe. Nimeubadilisha majina, mahali na hali, hivyo usimtafute mtu ndani yake. Lakini muundo wake ni ule ule wa jumbe nyingi za aina hii:

“Mimi ni Subira wa Tanga, miaka 24, pasi yangu namba” (hapa ilifuata namba) “nafanya kazi Muskati kwa daktari wa meno mwenye watoto pacha. Miezi mitatu sijalipwa riali 80 zangu. Usiku wa kuamkia Jumanne saa nane mama mwenye nyumba Zuwena alinipiga sana akachukua pasi yangu, mume wake Nasiri ndiye aliyenitolea viza lakini hakuwepo. Nikatoroka saa moja asubuhi, nipo kwa Neema nyuma ya msikiti karibu na duka la matairi, simu yake ni hii. Nimeacha dawa zangu za kifafa. Nisaidieni.”

Ujumbe huu ulikuwa uende kwa wakili wa huko Muskati asiyejua Kiswahili. Msomaji anaweza kuuliza kwa nini asitafutwe Mwomani anayejua Kiswahili, maana wapo wengi kwa sababu ya historia ndefu kati ya Oman na Zanzibar. Nilimuuliza binti yule swali hilo hilo. Akanijibu, “Mwalimu, hao hao ndio wanaofahamiana na waajiri.” Alikuwa na hoja. Mtu anayefahamu lugha zote mbili huenda pia akaifahamu familia inayolalamikiwa. Ndiyo maana watu hukimbilia mashine, na ndiyo maana hatuwezi kumaliza jambo hili kwa kusema tu “msitumie mashine.”

Kazi ya kwanza ni kuondoa vitambulisho vya moja kwa moja: jina, namba ya hati ya kusafiria, namba ya simu, anwani. Hivi kila mtu anavijua, ingawa si kila mtu anaelewa namna namba inavyozungumza. Namba ya kitambulisho chetu cha taifa, kwa mfano, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa ya mwenye kitambulisho. Aliyefuta jina akaacha namba ya NIDA amemtaja mtu kwa uhakika kuliko jina lenyewe, na ametaja umri wake juu yake. Namba za usajili za vyuo vyetu vingi nazo huanza na mwaka wa kuingia chuoni au huubeba ndani yake. Kwa namba hakuna cha kubakisha. Usifute tarakimu nne za mwisho ukaacha nyingine. Ondoa namba yote.

Kazi ya pili ni ngumu zaidi, kwa kuwa inahusu maelezo ambayo kila moja peke yake halina madhara, ila yakikaa pamoja yanachora uso. Mwaka 2000 mtafiti wa Marekani, Latanya Sweeney, alikadiria kwamba asilimia 87 ya watu wa nchi yake wangeweza kubainishwa mmoja mmoja kwa mambo matatu tu: jinsia, tarehe ya kuzaliwa na msimbo wa posta wa eneo wanakoishi. Jina halikuwamo. Katika ujumbe wetu, futa majina yote kisha usome kilichobaki: daktari wa meno, Muskati, watoto pacha, mfanyakazi kutoka Tanga. Je, nyumba za namna hiyo ni ngapi? Swali la kujiuliza si “je, jina limeondoka?” bali ni “je, jirani akisoma haya, atajua ni nani?” Akiweza kujua, bado hujasafisha. Basi daktari wa meno awe “mwajiri,” pacha waondoke, Tanga iondoke, umri uondoke. Wakili hahitaji lolote kati ya hayo ili aelewe kisa.

Kazi ya tatu ndiyo inayosahauliwa kuliko zote, nayo ni kuwalinda watu wengine waliomo ndani ya ujumbe. Neema hakuomba chochote. Amemhifadhi rafiki yake, na katika nchi za Ghuba kumhifadhi mfanyakazi ambaye mwajiri amemripoti kuwa katoroka kunaweza kumtia mwenyeji matatani. Msikiti, duka la matairi na namba ya simu ni ramani ya kumfikia. Maelezo haya hayabadilishwi kwa jina la bandia, yanaondolewa kabisa, na mahali pake panaandikwa “nipo mahali salama.” Akihitaji wakili kujua ni wapi, ataambiwa kwa sauti, na mhusika mwenyewe.

Kisha kuna dawa. Kifafa ni taarifa ya afya, na mwajiri anayetaka kujitetea anaweza kuigeuza kuwa hoja kwamba mfanyakazi hakufaa kwa kazi. Lakini hatuwezi kuzifuta dawa, kwa sababu Subira anazihitaji, na anazihitaji haraka. Hapa ndipo pa kutenganisha haja na sababu yake. Haja ni kwamba kuna dawa za kila siku zilizobaki ndani ya nyumba na zikikosekana ni hatari. Sababu ni ugonjwa. Ujumbe wa kwanza ubebe haja, uache sababu. Kanuni hii inafaa kwa taarifa nyingi nyeti: mwambie msomaji kile anachotakiwa kufanya, si kila kilichokufikisha hapo.

Kuna vitu visivyopaswa kuondolewa, na wengi wanaogopa mno hadi wanaviondoa. Kiasi cha mshahara, idadi ya miezi na mfuatano wa matukio ndiyo uti wa mgongo wa malalamiko. Riali 80 hazimtambulishi mtu. Ujumbe uliopukutika hadi ukabaki “nimetendewa vibaya, nisaidieni” ni salama, lakini haumsaidii mtu.

Sasa nije kwenye upande wa usahihi, ambako Kiswahili kina mitego yake. Mtego wa kwanza ni majina. Majina yetu mengi ni maneno ya kawaida: Neema, Subira, Baraka, Riziki, Bahati, Zawadi. Mtu anajua kwamba Subira ni jina kwa kutazama muktadha. Mashine huweza kulitafsiri kama neno, hasa pale mwandishi wa simu anapoandika kwa herufi ndogo. “Nipo kwa neema” ikawa sentensi ya dini. Ukiweka alama mahali pa jina, umeilinda siri na umeilinda sentensi kwa pamoja.

Lakini alama gani? Wengi huandika “X” au “mtu fulani.” Hapo ndipo unapoingia mtego wa pili, ule uliomgeuza mpigaji kuwa mwanamume. Kiswahili hakitofautishi mwanamke na mwanamume katika kiwakilishi wala katika kitenzi: “alinipiga” ni yeyote. Kiarabu hakikuruhusu kukaa hapo katikati. Kitenzi lazima kiwe cha kiume au cha kike, na mashine isipopata dalili mara nyingi huchagua cha kiume. Katika ujumbe wa binti yule, “mama mwenye nyumba” alitajwa mara moja, kisha sentensi ndefu ikaendelea, dalili ikapotea njiani. Matokeo yake ni kwamba mume, ambaye hakuwepo, ndiye aliyetuhumiwa kwa kipigo. Fikiri wakili akiandika barua ya kwanza kwa msingi huo. Mume angekanusha, angethibitisha kwamba siku ile hakuwa nyumbani, na malalamiko yote yangeonekana ya uongo.

Kwa hiyo alama ibebe jinsia: “Bi K1” na “Bwana K2.” Na alama irudiwe katika kila sentensi, bila kutegemea “yeye” wala kiambishi peke yake. Kiswahili kitaonekana kigumu na chenye kujirudia, lakini hatuandiki insha.

Mtego wa tatu ni saa. Sisi huhesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo, hivyo saa nane usiku ni saa 02:00 kwa mtindo wa saa 24. Mashine huweza kuitafsiri “saa nane usiku” kwa namba ile ile, ikawa saa 20:00, muda ambao familia nzima huenda ilikuwa sebuleni na mashahidi wapo. Andika 02:00 na 07:00 kwa tarakimu. Na “usiku wa kuamkia Jumanne” uwekee alama ya tarehe, D1, ambayo utaijaza mwenyewe baadaye kwa tarehe kamili.

Mtego wa nne ni maneno yenye sura mbili. “Pasi” ni hati ya kusafiria, na pia ni chombo cha kunyooshea nguo. Na katika habari za mfanyakazi wa ndani, mashine ina kila sababu ya kuchagua pasi ya nguo. Andika “pasipoti.” Neno “nikatoroka” ni zito zaidi. Katika nchi za Ghuba, mwajiri huweza kumripoti mfanyakazi kuwa ametoroka kazini, na ripoti hiyo ina madhara ya kisheria. Mfanyakazi anayeandika “nilitoroka” anajishtaki kwa kalamu yake mwenyewe. Lakini hapa naonya: si kazi ya msaidizi kubadilisha ushahidi wa mtu. Binti yule alimpigia simu mhusika, akamuuliza, “Uliondokaje, na kwa nini?” Jibu lilikuwa kwamba alifungua mlango asubuhi akaondoka kwa sababu aliogopa kupigwa tena. Basi hayo ndiyo maneno yaliyoandikwa, na ni ya kweli kuliko lile la kwanza.

Baada ya kazi hii, iliyotuchukua kama nusu saa, ujumbe ulikuwa hivi:

“Mimi ni mwanamke, mfanyakazi wa ndani. Mdhamini wa viza yangu ni Bwana K2. Mke wa Bwana K2 ni Bi K1. Sijalipwa mshahara wa miezi mitatu. Mshahara wangu ni riali 80 kwa mwezi. Tarehe D1, saa 02:00, Bi K1 alinipiga. Bi K1 alichukua pasipoti yangu. Bwana K2 hakuwepo nyumbani. Tarehe D1, saa 07:00, niliondoka katika nyumba hiyo kwa sababu niliogopa kwamba Bi K1 atanipiga tena. Sasa nipo mahali salama. Dawa zangu za kila siku zimebaki katika nyumba hiyo, na ninazihitaji haraka. Naomba ushauri wako kuhusu pasipoti, mshahara na dawa.”

Usome tena kwa macho ya jirani. Humo hamna wa kumtambua. Usome kwa macho ya wakili. Kisa kizima kimo.

Kuhusu mahali pa kutafsiria, lipo jambo ambalo watumiaji wengi hawalijui. Programu ya Google Translate ya simu inaruhusu kupakua lugha, Kiswahili kikiwamo, ili itafsiri bila intaneti. Ukishapakua Kiswahili na Kiarabu, weka simu katika hali ya ndege kisha ujaribu kutafsiri. Tafsiri ikitoka, ujue kazi inafanyika ndani ya simu. Malizia kazi yako, kisha ufute historia ya programu kabla ya kuirudisha simu mtandaoni. Ubora wa tafsiri ya namna hii huwa chini kidogo, lakini kwa sentensi fupi kama hizi tofauti hiyo inavumilika. Hata hivyo usiache kusafisha ujumbe kwa kuwa uko nje ya mtandao. Simu inaweza kuibwa, na kunaswa kwa simu hakuhitaji intaneti.

Ukaguzi nao una hila yake. Wengi hukagua kwa kuirudisha tafsiri ya Kiarabu katika Kiswahili. Njia hiyo haifai kwa makosa yanayotuumiza zaidi. Mwanamume wa Kiarabu akirudi katika Kiswahili anakuwa “alinipiga” tena, nawe unaona kila kitu ni sawa. Saa iliyokosewa kwenda inaweza kukosewa tena kurudi, ikaonekana sahihi. Kiswahili kinalifunika kosa kwa shuka lile lile lililolizaa. Irudishe tafsiri katika Kiingereza badala yake, lugha ambayo wasaidizi wengi wanaisoma na ambayo hutenganisha mwanamume na mwanamke katika viwakilishi. Na njia bora zaidi ni kupitia Kiingereza tangu mwanzo: tafsiri kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, rekebisha kwa macho yako kila jinsia, saa na alama, kisha Kiingereza hicho kilichorekebishwa ndicho kiende Kiarabu. Hesabu alama pia. Kama Bi K1 alitajwa mara nne katika Kiswahili, na atajwe mara nne katika Kiarabu.

Linabaki suala la kurudisha majina. Kishawishi ni kuyaingiza ndani ya aya ya Kiarabu, na hapo vidole huteleza. Kiarabu husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Ukipachika katikati yake namba au herufi za Kilatini, mpangilio unaoonekana kwenye kioo huvurugika, na namba ya pasipoti inaweza kunakiliwa vibaya. Mimi nashauri majina yasirudishwe ndani ya barua kabisa. Barua iende na alama zake. Orodha ya alama, yaani K1 ni nani, K2 ni nani, D1 ni tarehe gani, iandikwe peke yake, mstari mmoja kwa kila alama, kisha imfikie wakili kwa njia nyingine, na baada ya wakili kukubali kupokea shauri hilo. Anayeinasa barua anapata kisa kisicho na watu. Anayeinasa orodha anapata watu wasio na kisa.

Nimalizie kwa ndugu zangu wa ofisi za umma na wa vyuo, kwa sababu jambo hili si la wanaharakati peke yao. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ina masharti kuhusu kusafirisha taarifa za mtu nje ya nchi. Ofisa anayebandika faili la mwananchi kwenye kitafsiri cha bure haoni kama anasafirisha kitu, kwa kuwa hajanyanyuka kitini. Lakini taarifa zimeshatoka. Mwenye faili hakuulizwa. Nami sidhani inatosha kumtishia ofisa huyo kwa vifungu vya sheria wakati mkuu wake anamtaka barua ya Kiingereza kabla ya saa kumi jioni na hana mfasiri wa kumpa. Taasisi isiyoajiri mfasiri, isiyotenga fungu la kulipia huduma yenye masharti ya kulinda maandishi, na isiyowafundisha watumishi wake hata kusafisha barua, imekwisha kuamua kwamba siri za watu zitapita kwenye huduma ya bure. Imeamua kwa kunyamaza.

Na mashine ina mwisho wake. Ujumbe wa kwanza wa kuomba ushauri unaweza kupita humo, ukiwa umesafishwa. Maelezo yatakayotumika mahakamani, kiapo, au cheti cha hospitali havipiti humo. Hivyo ni vya mfasiri anayewajibika kwa jina lake, na Baraza la Kiswahili la Taifa hutoa huduma hiyo kwa wanaoihitaji.

Binti yule alifuta historia ya simu yake mbele yangu, akafuta na mazungumzo ya awali. Kilichoandikwa mara ya kwanza kwenye kitafsiri cha mtandaoni hatukuweza kukirudisha, naye alilijua hilo, nilimwona akilitafakari. Kabla ya kuituma barua mpya alimpigia simu mwenye kisa, akamsomea yote kwa Kiswahili, neno kwa neno, akamuuliza kama anaridhia iende. Upande wa pili palikuwa kimya kidogo, kisha sauti ikasema, “Ndiyo, dada. Ila ongeza kwamba nguo zangu pia zimebaki.” Tukaongeza nguo.